Ubeti wa Nne wa Wimbo wa Karafuu

Picha niliyotumiwa kwenye simu ilionyesha ukurasa mmoja wa daftari la mistari, umepigwa mkunjo katikati, na maandishi ya kalamu ya wino wa buluu yaliyokwisha kufifia upande wa kulia. Aliyeituma ni binti wa mwandishi wa wimbo huo. Mama yake, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kuimba katika kikundi cha taarabu cha akina mama huko Pemba, na wenzake waliobaki walitaka kuuimba wimbo ambao hakuwahi kuwapa. Ukurasa ulikuwa na beti tatu na kiitikio, kisha chini yake pakaandikwa tarakimu 4 na nukta, na baada ya hapo hapakuwa na neno. Ombi la binti lilikuwa fupi: nimtungie mama yake ubeti huo wa nne, ufuate vina vyake na usitoke katika jambo alilokuwa akilisema.

Kabla ya kukubali nilimwomba picha mbili zaidi. Ya kwanza ilikuwa ya ukurasa uleule, ipigwe mchana karibu na dirisha, simu ikiwa juu ya karatasi moja kwa moja na taa ya simu imezimwa, kwa sababu mwanga wa simu huangaza katikati ya karatasi na kuyafuta maandishi yaliyofifia. Ya pili ilikuwa ya upande wa nyuma wa karatasi hiyo. Nilitaka kuwa na hakika kwamba ubeti wa nne haukuandikwa mahali pengine, kwa kuwa kutunga ubeti ambao haukuwahi kuwapo ni kazi moja, na kutunga juu ya ubeti wa mtu uliokwisha kuandikwa ni jambo jingine ambalo nisingelikubali. Upande wa nyuma ulikuwa na hesabu za nyumbani tu, na kurasa zilizofuata katika daftari, kwa maelezo ya binti, hazikuwa na wimbo. Mwandishi aliuwazia ubeti wa nne, akauwekea nambari, na hakuuandika.

Hivi ndivyo wimbo ulivyosomeka baada ya kuunyoosha:

Karafuu nalipanda, pahala palipo nyika,
Maji mbali nikienda, kichwani nikajitwika,
Leo mti umetanda, ngazi mwingine aweka.

Jua kali la mchana, magugu nikiyafyeka,
Mbuzi wakiutafuna, fimbo yangu naishika,
Huyo sikupata mwona, wakati nahangaika.

Na msimu umekuja, matawi yote yashuka,
Wachumaji wote waja, na pishi wamezishika,
Sijasikia mmoja, jina langu kutamka.

Na kiitikio chake, kilichoandikwa pembeni kwa kusimamisha karatasi:

Jamani mwaniuliza, la moyoni nimeweka,
Yaliyomo kwenye giza, taa sikuipeleka.

Nasema «baada ya kuunyoosha» kwa sababu picha niliyotumiwa mwanzo haikusomeka hivyo. Mkunjo wa karatasi ulipita juu ya mshororo wa pili wa ubeti wa pili, na kilichoonekana ni «Mbuzi waki», kisha weupe, kisha «tafuna». Mtu angeweza kusoma «wakitafuna» na kuendelea, maana sentensi inakubali. Lakini kila kipande cha wimbo huu kina mizani 8, na «mbuzi wakitafuna» ina mizani 7 tu: mbu-zi-wa-ki-ta-fu-na. Silabi moja ilikuwa imeliwa na mkunjo. Picha ya dirishani ilionyesha ncha ya herufi u, na hapo maana nayo ikakaa sawa, kwa kuwa mbuzi hawakuwa wakitafuna ovyo, walikuwa wakiutafuna mche. Vivyo hivyo neno la mwisho la ubeti huo nilidhani ni «nikahangaika», kwa jinsi mwandishi alivyozoea kuvuta mkia wa herufi n. Hesabu ilinikatalia: «wakati» imekwisha kuchukua mizani 3, zinabaki 5, na «nahangaika» ndiyo inayotosha.

Kwa hiyo mizani ni chombo cha kusomea kabla ya kuwa chombo cha kutungia. Anayeusoma wimbo wa mkono kwa macho peke yake atajaza mapengo kwa maneno yanayomjia yeye, ilhali anayehesabu hugundua pengo lilipo na upana wake. Jambo la kuangaliwa ni zile m na n zinazosimama peke yake kama silabi. «Mti» ni mizani 2, «mchana» ni 3, «mmoja» ni 3, na «kutamka» ni 4. Lakini «mbali» ni 2 tu, kwa sababu m yake imeungana na b, na «panda» nayo ni 2. Asiyetofautisha hizi atadhani kuwa mwandishi alikosea, kisha atamsahihisha mahali ambapo alikuwa sawa.

Sikugusa tahajia yake wala lahaja yake. Aliandika «nalipanda», hakuandika «nilipanda». Aliandika «pahala», na akasema «yashuka» na «waja» pasipo kuingiza «na» ya wakati uliopo. Hayo yote yalinifunga mimi pia. Ubeti wangu ukija na Kiswahili cha darasani, mwimbaji ataipita mishororo tisa kwa sauti moja na kujikwaa katika ule wa kumi.

Baada ya kusoma nilipanga vina kwenye karatasi. Vina vya mwisho havibadiliki: nyika, jitwika, aweka, fyeka, naishika, na kuendelea, vyote vinakwishia kwenye «ka», hata katika kiitikio. Vina vya kati hubadilika kila ubeti: «nda» katika wa kwanza, «na» katika wa pili, «ja» katika wa tatu, na «za» katika kiitikio. Mpangilio huu washairi huuita ukara, yaani kina kimoja cha mwisho kinachoushika wimbo wote na cha kati kinachobadilika. Sharti lilikuwa wazi: mishororo mitatu, kila mmoja mizani 8 kwa 8, mwisho «ka», na kati kina ambacho mwandishi hakukitumia bado. Kukirudia kina cha kati cha ubeti wa kwanza kungewezekana kwa sheria, lakini sikio lingesikia wimbo unarudi ulikotoka, na huu si wimbo unaorudi.

Sheria za vina zinajulikana na yeyote aliyekaa na ushairi. Ugumu ulikuwa katika lile neno alilolitumia binti: «usitoke katika jambo». Kijana mmoja wa familia, mpwa wa marehemu, alikuwa amekwisha kutunga ubeti wake na akaniletea kwa heshima kubwa:

Mwizi wangu namjua, siku yake itafika,
Mola atamuumbua, watu wote watacheka,
Na mti nitachukua, kwangu utahifadhika.

Ukiuhesabu hauna kasoro. Mizani imetimia, kina cha kati ni «a» inayotanguliwa na u, cha mwisho ni «ka», na hakuna neno la kujaziliza. Nilimweleza kwamba ubeti wake ni mzuri lakini ni wa wimbo mwingine, na kwa kuwa alitaka sababu, tulikaa tukaupitia pamoja na beti za shangazi yake.

Kwanza, marehemu hakumtaja mwizi. Katika ubeti wa kwanza yuko «mwingine» mwenye ngazi. Katika wa pili yuko «huyo» ambaye hakuonekana wakati wa jasho. Katika wa tatu wako wachumaji wenye pishi, ambao kosa lao ni kutolitaja jina lake tu. Hakuna aliyeshitakiwa kwa kuiba. Anachokililia ni kusahauliwa. Pili, hakumtisha mtu katika mshororo wowote. Na tatu, ambalo ni zito kuliko yote, kiitikio chake kinakataza kufumbua. Anasema wanamuuliza na yeye ameliweka la moyoni, na yaliyo gizani hakuyapelekea taa. Kila baada ya ubeti waimbaji watarudia maneno hayo. Ukiimba «mwizi wangu namjua» kisha kikundi kikaitikia «taa sikuipeleka», ubeti na kiitikio vitakuwa vinagombana mbele ya watu.

Taarabu hujengwa juu ya fumbo, na fumbo lina kazi yake. Mkarafuu huu unaweza kuwa mume, unaweza kuwa mtoto aliyelelewa na mama wa kambo asiyetajwa, unaweza kuwa kikundi chenyewe alichokianzisha kikachukuliwa na wengine. Binti alikuwa na dhana yake na mpwa alikuwa na yake, na sikutaka kujua ni ipi iliyo kweli. Msikilizaji anayetunza mtoto wa mwenzake atausikia wimbo huu kwa namna yake, na mwanamke aliyeachwa atausikia kwa namna nyingine. Ubeti wa mwisho unaochagua maana moja huwanyang'anya hao wote maana zao.

Kijana aliniuliza, «Sasa Mwalimu, kama hatufumbui, ubeti wa mwisho utasema nini?»

Jibu lilikuwa ndani ya beti zenyewe, na nililiona nilipoacha kuutazama wimbo kama malalamiko nikautazama kama kazi ya shamba. Ubeti wa kwanza ni kupanda na kumwagilia. Wa pili ni kupalilia na kulinda. Wa tatu ni msimu, wachumaji na pishi, yaani kuchuma. Mtu wa Pemba hahitaji kuambiwa kinachofuata. Karafuu zikishachumwa kwa vishada huletwa nyumbani, watu wakakaa kuzichambua, karafuu upande mmoja na makonyo, yaani vikonyo vilivyozishika, upande wa pili, kisha karafuu zikaanikwa juu ya majamvi. Kwa jua zuri huchukua kama siku 4 au 5 mpaka zikauke na kugeuka rangi. Mwandishi alikuwa akienda hatua kwa hatua, na hatua iliyobaki ni kuchambua na kuanika. Hapo ndipo nambari 4 ilipokuwa ikielekea, kwa kadiri ninavyoweza kuisoma nia yake.

Niliona pia umbo la ndani la kila ubeti. Mishororo miwili ya kwanza huendeleza kazi, na wa tatu hugeuka kuonyesha umbali uliopo kati yake na hao wengine. «Leo mti umetanda» inageuka kwa ngazi ya mwingine. «Huyo sikupata mwona» inageuza ubeti wa palizi. «Sijasikia mmoja» inageuza msimu. Kwa hiyo mishororo yangu miwili ilipaswa kuzungumzia karafuu zilizoanikwa, na wa tatu umrejee mpandaji na kilichobaki mikononi mwake.

Kilichobaki kilikuwa kinajitaja chenyewe. Karafuu zikienda, makonyo hubaki.

Kina cha kati ndicho kilichonichukulia muda. Maneno ya hatua hii ni jamvi, jua, kapu, harufu, makonyo, na hayaelekei kina kimoja. Njia rahisi ni kuyatia yote «ni» ya mahali: majamvini, juani, kapuni. Mimi huwaonya wanafunzi wangu juu ya kina hiki, kwa sababu karibu kila nomino ya Kiswahili inakikubali, na mtunzi aliyeishiwa hukikimbilia. Hapa nilikikubali baada ya kukipima kwa swali moja: je, mahali hapo panasema jambo, au «ni» imetiwa kwa ajili ya kina tu? Karafuu ziko jamvini, harufu iko mjini, makonyo yako kapuni. Hizo ni sehemu tatu tofauti, na tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe ya ubeti: jasho la mtu mmoja limefika wapi na yeye amebaki wapi. Kina kilipokuwa kinabeba maana, sikuona sababu ya kukikataa.

Kwa vina vya mwisho niliandika orodha ya maneno aliyokwisha kuyatumia, nikajizuia kuyarudia. Yeye mwenyewe alirudia «shika» mara mbili na «weka» mara mbili, na hiyo ni haki yake. Anayemmalizia akirudia itaonekana kwamba ameokota masalio. Yaliyobaki yalikuwa mengi: kauka, fika, cheka, choka, kumbuka, tosheka, funika. «Kumbuka» niliiondoa mapema, maana ingeuambia umma watende jambo, na marehemu hakuwaomba kitu.

Ubeti ukawa huu:

Sasa zimo majamvini, na kwa jua zakauka,
Na harufu i mjini, kila mlango yafika,
Makonyo yapo kapuni, nami nimeyafunika.

«Funika» ndilo neno nililokuwa nikilitafuta bila kulijua. Mpandaji amebaki na makonyo, na hata hayo hayaonyeshi. Kiitikio kinapoingia mara ya mwisho na kusema taa haikupelekwa gizani, kapu limekwisha kufunikwa, na vitu hivyo viwili vinashikana pasipo kufafanuliwa.

Binti alikuwa na pingamizi moja nililoliheshimu. Alisema makonyo ni takataka, na kwamba hakupenda mama yake aonekane ameachiwa takataka. Mama mmoja wa kikundi, aliyekulia karibu na Chake Chake, alimjibu kabla yangu. Alimkumbusha kwamba makonyo yana bei ndogo lakini hayatupwi, na kwamba huko Wawi kipo kiwanda kinachojulikana kwa jina hilohilo, Kiwanda cha Makonyo, kinachokamua mafuta yake. Sikuwa nimelifikiria hilo nilipotunga. Baada ya kulisikia niliona kwamba kapu lililofunikwa lina mafuta ndani yake, na kwamba msikilizaji wa Pemba atalijua hilo bila kuambiwa, na wa mahali pengine atabaki na maana ya kwanza. Binti aliridhika, na mimi niliuacha mshororo ulivyokuwa.

Jaribio la mwisho lilikuwa la sauti. Hesabu ya vidole haitoshi, kwa kuwa mwimbaji huvuta silabi, na m inayosimama peke yake haivutiki kama irabu. Nilihofia «i mjini»: m yake ni mizani ya sita, mahali ambapo sauti huanza kutua kuelekea kina cha kati, na mwimbaji asiyejiandaa ataimeza na kipande kitasikika kama kina mizani 7. Nilirudi kwenye beti zake kutafuta kama yeye aliwahi kupita hapo. Alipita mara mbili. «Jua kali la mchana» ina m ya peke yake katika mizani ya sita, na «sijasikia mmoja» nayo vilevile. Hakuwa akipaogopa mahali hapo, na wenzake wangekuwa wamekwisha kupazoea kabla ya kufika kwenye ubeti wangu. Tulipoimba pamoja, mwimbaji alifunga midomo kwenye m hiyo kwa muda mfupi kisha akafungua «jini», kama alivyofanya kwenye «mchana», na kipande kikakaa.

Nilishauriwa pia nitie neno la kumalizia, kaditama au tamati, kama ilivyo desturi ya watunzi wengi kufunga kwa kujitaja au kutangaza mwisho. Nilikataa. Mtunzi hufunga wimbo wake kwa jina lake. Mimi sikuwa na wimbo wa kuufunga, na kuliweka jina lake ndani ya maneno ambayo hakuyasema kungekuwa kumsemea uwongo.

Kwa sababu hiyohiyo ubeti wa nne haukuandikwa kwenye daftari. Picha ya ukurasa imebaki kama ilivyo, pamoja na tarakimu 4 na weupe wake. Ubeti umepigwa chapa kwenye karatasi nyingine, chini ya beti tatu, na juu yake pana maneno yanayosema kwamba umetungwa baadaye kwa ombi la familia. Kikundi kikiuimba hadharani, mshereheshaji atatangaza hivyo kabla ya ala kuanza, na waimbaji wako huru kuishia kwenye ubeti wa tatu na kiitikio chake siku watakayoona inafaa.